Uthamini wa shamba la mikorosho Mtwara: mahesabu ya fidia ya mama hayanikai akilini, naomba mnisaidie kusoma karatasi

Binti_Nanguruwe

Wakuu, habari za saa hizi.

Mama yangu ana shamba la ekari tatu na nyumba ndani yake, huku Mtwara Vijijini. Serikali imetwaa eneo lile kwa ajili ya mradi, na hilo hatulipingi, maana mkutano mkuu wa kijiji ulikaa na watu wakakubali. Tatizo ni hesabu. Wathamini walipita Machi 2024, mama akapigwa picha mbele ya nyumba akiwa ameshika kibao chenye namba, akaweka dole gumba. Mthamini Mkuu wa Serikali aliidhinisha Juni 2024. Sasa ni Septemba 2025, hela haijaingia, ila tumeoneshwa karatasi ya malipo. Nainakili:

Ardhi ekari 3 kwa 1,000,000: 3,000,000
Mikorosho 62 kwa 50,000: 3,100,000
Nyumba 12,000,000, toa uchakavu asilimia 20: 9,600,000
Posho ya usumbufu: 240,000
Posho ya malazi: 1,440,000
Posho ya usafiri: 180,000
Jumla: 17,560,000

Mikorosho nimeihesabu mwenyewe na mdogo wangu, mti kwa mti, ni 81. Mama pia ana genge hapo nyumbani na halipo kabisa kwenye karatasi. Afisa aliyetuonesha anasema "hesabu zimeshatoka Dodoma, hazirudi". Ni kweli hazirudi? Na hiyo 240,000 ya usumbufu imetoka wapi?

---

Mchumi_Mtaani

Dada, pole, ila usijipe presha. Ardhi yote Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais. Wewe una haki ya matumizi tu, kwa hiyo kisheria wanakulipa maendelezo: nyumba na miti. Hiyo milioni tatu ya ardhi ni huruma tu wamewapa. Ukianza kusumbua wanaweza kuitoa.

Halafu mama akishaweka dole gumba, basi, kakubali. Mkataba ni mkataba.

---

Dereva_wa_Newala

Afadhali nyie mna karatasi. Mimi nyumba yangu iko kando ya barabara, wamechora X nyekundu na jirani yangu upande wa pili wamemchorea ya kijani. Yeye amelipwa, mimi naambiwa nibomoe kwa gharama zangu. Nyumba zote zimejengwa kipindi kimoja. Huo uthamini wa nani? Nani anijibu na mimi?

---

Mzee_wa_Kipimo

Nimefanya kazi ya uthamini kwenye halmashauri za Kusini hadi nikastaafu. Nitajibu kwa mtiririko ninaouona mimi.

Kwanza Mchumi. Hayo uliyosema ya "maendelezo tu" yalikuwa na nguvu zamani. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 iliandikwa kwa mtazamo huo. Lakini mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, kwenye shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, ibara ya 24, na kwamba mtu aliyetia jasho lake kwenye ardhi anastahili fidia ya haki hata kama hakuna nyumba wala mti juu yake. Kisha Sheria ya Ardhi ya 1999 ikaandika wazi kwamba maslahi katika ardhi yana thamani, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, kwa kuangalia bei ya soko. Kwa hiyo milioni tatu ya mama ni haki yake. Hakuna mtu wa kuitoa kwa sababu kauliza swali.

Dole gumba nalo. Fomu anayoisaini mwenye mali siku ya ukaguzi inahusu kilichopo: vyumba vingapi, bati au makuti, sakafu gani, miti mingapi. Siku ile hakuna bei. Bei zinakokotolewa ofisini baadaye. Kwa hiyo mama hajakubali shilingi yoyote. Alichokubali ni kwamba miti ni 62, kama kweli namba hiyo ilikuwa imeandikwa kabla hajabonyeza dole. Ndiyo maana siku zote niliwaambia watu: fidia inashinda au inashindwa shambani, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, karani akiwa na kalamu mkononi. Mahakamani unakwenda kuokota yaliyodondoka.

Sasa 240,000. Binti, chukua milioni tatu uzidishe kwa asilimia 8. Unapata nini?

---

Binti_Nanguruwe

Shikamoo mzee. 240,000 kamili! Kwa hiyo wamepiga asilimia kwenye ardhi peke yake?

---

Mzee_wa_Kipimo

Marahaba. Ndivyo. Kanuni za uthamini za 2001 zinasema posho ya usumbufu ni thamani ya ardhi mara wastani wa riba ambayo benki za biashara zinatoa kwa amana ya muda maalumu ya miezi 12. Hiyo asilimia 8 ni wastani wa kipindi chenu, sina ugomvi nao. Ugomvi ni neno "ardhi". Sheria ya Ardhi yenyewe inapoeleza ardhi ni nini inaingiza majengo yaliyoshikizwa humo na vinavyoota juu yake. Na desturi ya kazi yetu, miaka yote niliyofanya, ni kupiga asilimia hiyo kwenye jumla ya ardhi, mazao na jengo. Kwa karatasi yako jumla hiyo ni 15,700,000, na asilimia 8 yake ni 1,256,000. Wamekupunja 1,016,000 kwa mstari mmoja. Kwa kuwa naona pengine ni kosa la mtu aliyevuta fomula kwenye seli isiyo sahihi, waangalie na majirani. Likiwa kosa la jedwali, limewagusa wote.

Malazi yako sawa kimahesabu: kodi ya soko ya nyumba kama ile mara miezi 36. Wamechukua 40,000 kwa mwezi. Ujiulize tu kama nyumba ya vyumba vile pale kijijini inapangishwa bei hiyo. Usafiri pia sawa: kanuni inahesabu tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, na hapo wametumia 750 kwa tani kwa kilomita. Watu hulalamika kwamba hawana tani 12 za vyombo. Hesabu imewekwa hivyo kwa kila nyumba inayokaliwa, huhitaji kupima makochi.

---

Dereva_wa_Newala

Mzee na mimi?

---

Mzee_wa_Kipimo

Lako ni jambo jingine, kijana, lina sheria yake. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati ya barabara. Sheria ya Barabara ya 2007 ikaisogeza hadi mita 30. Aliyekutwa ndani ya zile 22.5 anahesabiwa mvamizi, ndiyo X nyekundu. Aliye kwenye zile 7.5 za nyongeza alikuwa pale kihalali, eneo lake likihitajika analipwa, ndiyo X ya kijani. Chukua futi kamba, pima kutoka katikati ya barabara ya zamani. Nasema ya zamani kwa sababu barabara ikinyooshwa, katikati inahama, na hapo ndipo nyumba mbili za rika moja zinapopata rangi mbili. Ukikuta kipimo chako kimechukuliwa kwenye mstari mpya, hapo una hoja. Fungua uzi wako, huu tumwachie binti.

---

Dereva_wa_Newala

Nitapima Jumamosi. Ila nyumba ilijengwa na marehemu baba kabla lami haijawazwa.

---

MamaMchinga

Nawasalimu kutoka Lindi. Nataka kumwambia Binti kitu kimoja kuhusu kusubiri. Huku kwetu eneo la mradi wa gesi pale Likong'o, watu walihesabiwa mapema, malipo yakaja kuanza 2020. Katikati hapo mtu hujui upalilie au usipalilie. Ukirudishia bati lililopeperushwa unaambiwa tarehe ya kufunga uthamini imepita, hutalipwa nyongeza. Usiporudishia mvua inakunyeshea. Dada, mama yako analima au ameacha?

---

Binti_Nanguruwe

Ameacha tangu msimu uliopita, mama. Waliambiwa wasiendeleze. Hata salfa hakupuliza, korosho zikadondoka maua tu.

---

Mzee_wa_Kipimo

Hilo la "msiendeleze" linaelezwa vibaya kila mahali. Kinachofungwa ni kuongeza: kupanda miti mipya au kusimamisha chumba kipya baada ya ukaguzi ili kulipwa. Kupulizia, kupalilia na kuvuna mali ambayo hujalipwa hakuna aliyekukataza. Mpaka hela iingie, shamba ni la mama. Mvune.

Na kuhusu muda. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe. Yenu iliidhinishwa Juni 2024, miezi 6 iliisha Desemba 2024. Kuanzia hapo kuna riba, kwa kiwango kilekile cha wastani wa amana za benki. Kwa 17,560,000 na asilimia 8, miezi tisa hadi Septemba hii ni kama 1,053,600. Nina uhakika karatasi yako haina mstari wa riba.

---

Binti_Nanguruwe

Haina.

---

Mchumi_Mtaani

Mzee nimekuelewa kwenye ardhi, nakubali. Ila sasa si ana bahati? Nimesikia uthamini una uhai wa miaka miwili, ukiisha unarudiwa upya kwa bei mpya. Asubiri Juni 2026 ipite, wathamini warudi, ahesabiwe mikorosho yote na genge. Kwa nini ahangaike na barua?

---

Kesi_Ngumu

Mimi ni wakili, niko Mtwara mjini. Mchumi, nusu ya hilo ni kweli. Miaka miwili ikipita bila malipo uthamini unarudiwa. Lakini wewe huna mamlaka juu ya kalenda ya mlipaji. Anaweza kulipa Mei 2026, ukabaki na karatasi yenye makosa ambayo hukuwahi kuilalamikia kwa maandishi.

Na kuna saa nyingine inayotembea ambayo watu wa vijijini hawaambiwi. Sheria ya Ukomo wa Mashauri inatoa mwaka 1 tu kwa madai ya fidia yatokanayo na jambo lililofanywa au kuachwa kufanywa kwa mujibu wa sheria. Watu wanadhani ni miaka 12 kwa sababu hiyo ndiyo ya kugombania ardhi. Hapa hugombanii ardhi, unadai hela. Tunabishana sana mahakamani mwaka huo unaanza lini: siku ya kuidhinishwa, siku ulipooneshwa kiasi, au siku uliyolipwa pungufu. Mimi nina msimamo wangu, upande wa Serikali una wao, na majaji hawajawa na sauti moja kwenye kila aina ya shauri. Sitaki mteja wangu ndiye awe kipimo. Binti, mlioneshwa karatasi lini?

---

Binti_Nanguruwe

Mwezi uliopita, Agosti. Kabla ya hapo hatukuwa na kiasi chochote mkononi.

---

Kesi_Ngumu

Vizuri. Iandike tarehe hiyo kwenye barua yako ya kwanza: "tulioneshwa jedwali la malipo tarehe fulani". Iwe imetajwa na wewe mapema, kabla mtu hajakutajia nyingine.

Na ujue njia iliyo mbele ili usipoteze nauli. Kesi dhidi ya Serikali, ikiwemo halmashauri, inatanguliwa na notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu. Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi, usipomuunganisha inaanguka. Na inafunguliwa Mahakama Kuu. Nimeona watu wamekaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya muda mrefu, hukumu wakashinda, kisha ikafutwa yote kwa sababu baraza halikuwa na mamlaka. Kanda ya Mtwara iko hapa mjini.

Lakini kwa dai la milioni chache peke yako, kesi itakula faida. Ndiyo maana barua kwanza.

---

Mzee_wa_Kipimo

Nakubaliana na wakili. Turudi kwenye mikorosho 19 iliyopotea, maana ndiyo itakayokuwa ngumu kuliko hiyo posho. Binti, ile 19 iko wapi shambani? Imekaa pamoja au imetawanyika?

---

Binti_Nanguruwe

Mzee umejuaje! Iko pamoja, upande wa bondeni. Ni mikorosho ya babu, ilikuwa imezeeka, ikakatwa na kubebeshwa vikonyo vipya kwa mafunzo ya watu wa kituo cha utafiti wa korosho cha Naliendele. Imechipua vizuri, lakini shina ni nene na juu ni majani mabichi tu.

---

Mzee_wa_Kipimo

Basi ndiyo hiyo. Karani wa kuhesabu, hasa akitoka mkoa usio na korosho, akiona kisiki kinachochipua anaandika mti uliokatwa, au haandiki kabisa. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwenu, ila miti 19 ya mahali pamoja haipotei kwa kuruka mstari.

Watakujibu kwa njia mbili, jiandae kwa zote. Ya kwanza: watasema 81 ni mingi mno kwa ekari tatu, kwa sababu mthamini hulinganisha na nafasi ya kitaalamu. Kwa mikorosho nafasi ya mita 12 kwa 12 inabeba kama miti 28 kwa ekari, kwa hiyo ekari tatu ni 84. Yako ni 81. Umo ndani. Ungekuwa na 130 ningekuambia nyamaza.

Ya pili ni ngumu zaidi. Bei ya mti kwenye jedwali la mazao inafuata hatua ya ukuaji: mche, mti mchanga, unaozaa, uliochoka. Watasema mti uliobebeshwa ni mchanga, wakupe sehemu tu ya ile 50,000. Mimi ningebishana kwamba mizizi ni ya miaka mingi na mti wa namna hiyo unarudi kuzaa mapema kuliko mche. Lakini siwezi kukuahidi. Jedwali halikuandikwa likiufikiria mkorosho wa namna hiyo.

Ushahidi wako sio maneno. Nenda kwa afisa ugani wa kata akuandikie kwamba miti ile ilibebeshwa, na lini. Tafuta usajili wa mama kama mkulima wa korosho, ule unaotumika kugawia pembejeo, mara nyingi una idadi ya miti. Na stakabadhi za chama cha ushirika, AMCOS, za misimu ya nyuma, zinaonesha kilo alizopeleka ghalani. Kilo hazisemi idadi ya miti, lakini zinaondoa hoja kwamba shamba lilikuwa pori.

---

Binti_Nanguruwe

Usajili upo ila una miti 70. Mama anasema siku ile alikisia.

---

Mzee_wa_Kipimo

Peleka hivyohivyo, usiukwangue. Sabini si 62. Omba kuhesabiwa upya shambani mbele ya mwenyekiti na afisa ugani, miti ipigwe rangi namba kwa namba. Hapo usajili unakuwa sababu ya kurudi shambani, hesabu inafanywa na macho.

Genge nalo. Kanuni inatoa faida halisi ya mwezi mara miezi 36, ikithibitishwa na mahesabu yaliyokaguliwa pale inapobidi. Hayo maneno "pale inapobidi" ndiyo mlango wa genge. Hakuna mkaguzi wa hesabu za nyanya. Mama ana daftari?

---

Binti_Nanguruwe

Ana la mkopo, la wanaodaiwa. Na kitambulisho cha mjasiriamali. Kwa kukadiria anabaki na kama 60,000 kwa mwezi.

---

Mzee_wa_Kipimo

60,000 mara 36 ni 2,160,000. Daftari la madeni linafaa kuliko unavyodhani, lina tarehe na majina ya majirani. Ongeza barua ya mtendaji wa kijiji kwamba genge lilikuwepo kabla ya Machi 2024, na ile picha ya kibao. Iangalie vizuri, mara nyingi genge lenyewe limetokea nyuma ya mama bila mpiga picha kujua.

Tukiweka yote kwa matumaini ya juu kabisa: ardhi 3,000,000, mikorosho 81 ni 4,050,000, nyumba 9,600,000, hapo ni 16,650,000. Usumbufu asilimia 8 ni 1,332,000. Malazi na usafiri vilevile, genge 2,160,000. Jumla 21,762,000. Tofauti na karatasi yako ni 4,202,000, kabla ya riba. Ukipata milioni tatu kati ya hizo nne nitasema umepambana.

---

MamaMchinga

Na nyumba mbona hamuigusi? Asilimia 20 ya uchakavu! Mama akipewa 9,600,000 atajenga nyumba ya 12,000,000 kwa kutumia nini? Atajenga nyumba iliyochakaa?

---

Mzee_wa_Kipimo

Mama, swali hilo limenisumbua kazini miaka yote. Kanuni inataka bei ya soko, kwa mauzo halisi ya mali zinazofanana. Kijijini nyumba haziuzwi mara kwa mara, kwa hiyo mthamini anakimbilia gharama ya kujenga upya kisha anatoa uchakavu. Kwa sheria yetu hilo hufanyika na ni vigumu kulipindua. Mradi ukiwa na fedha za wafadhili wakubwa wa maendeleo, mara nyingi masharti yao yanataka gharama kamili ya kujenga upya bila kutoa uchakavu, na mlipaji anafidia pengo. Binti aulize mradi wake unagharamiwa na nani. Ikiwa ni fedha za ndani peke yake, sitamdanganya, ajenge hoja kwenye kiwango cha asilimia tu: nyumba ya umri gani, kwa nini 20 na si 10.

Na bei ya ekari?

---

Binti_Nanguruwe

Jirani aliuza kwa 1,800,000 ekari mwaka 2023. Lakini nimeona mkataba wao, wameandika 700,000.

---

Kesi_Ngumu

Ha! Ushuru wa kijiji huo. Wanapunguza bei kwenye karatasi ili walipe kidogo ofisini, halafu mthamini akija kutafuta bei ya soko anakuta mafaili yamejaa laki saba. Hapo milioni moja ya mama inaonekana ya ukarimu. Usiupeleke mkataba huo, dada. Ardhi iache.

---

Mchumi_Mtaani

Swali la mwisho kutoka kwangu. Hela ikiingia kabla ya majibu, aikatae? Nimesikia ukipokea tu umefuta kesi.

---

Kesi_Ngumu

Kuikataa si lazima, na mama ana njaa ya kweli. Lakini asisaini kimya. Mawakili wa Serikali hutumia saini isiyo na neno kuonesha kwamba uliridhika. Aandike pembeni ya jina lake, kwa mkono, "nimepokea bila kuridhika na bila kuacha haki ya kudai tofauti", apige picha ukurasa huo kwa simu. Karani akikataa maandishi hayo, siku hiyohiyo apeleke barua yenye maneno yaleyale na igongwe muhuri wa kupokelewa.

Barua ya sasa iende kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, nakala kwa Mthamini Mkuu, kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa na kwa taasisi inayolipa. Ukurasa mmoja. Mambo manne tu: hesabu ya mikorosho, posho ya usumbufu, genge, riba. Ukiandika malalamiko kumi watajibu lile dhaifu.

Halafu jambo ambalo hakuna aliyekuuliza: jina kwenye karatasi ni la nani?

---

Binti_Nanguruwe

La marehemu baba. Shamba linajulikana kwa jina lake, mwenyekiti ndiye alimtajia karani.

---

Kesi_Ngumu

Basi leo usilale na barua ya fidia, anza na mirathi. Benki haitaweka hela kwa marehemu, na mara kijiji kikijua kuna milioni 17 watatokea watoto wa baba ambao hamjawahi kuwaona. Kaeni kikao cha ukoo, mteueni mama kuwa msimamizi, mwende Mahakama ya Mwanzo. Akishateuliwa ndiye mwenye uwezo wa kusaini barua, notisi, hata kesi. Barua iliyosainiwa na mtu asiye na mamlaka ni karatasi tu.

---

Dereva_wa_Newala

Nimepima. Kutoka katikati ya lami, mita 21. Kutoka katikati ya barabara ya zamani ya vumbi, ambayo alama zake bado zipo kwenye mwembe, mita 26. Nafungua uzi wangu.

---

Mzee_wa_Kipimo

Piga picha mwembe kabla hawajaukata.

---

Binti_Nanguruwe

Wakuu, mrejesho. Kikao cha ukoo kimekaa, mama kateuliwa, mahakama imemthibitisha bila pingamizi. Barua ikagongwa muhuri. Afisa aliyesema hesabu hazirudi ndiye aliyetuletea mthamini shambani. Wamehesabu 79, miwili wameikataa kwa sababu iko upande wa pili wa mpaka, na kweli iko huko. Kumi na saba ya bondeni wameiandika "mchanga". Mama hajasaini sehemu hiyo, ameandika alivyofundishwa.

Posho ya usumbufu wamekiri ni kosa la jedwali na majirani wote wanarekebishiwa. Genge wanataka barua ya mtendaji, naifuata Jumatatu. Riba wamesema "italetewa maelekezo". Mzee, hiyo miti 17, nikubali bei ya mchanga ili hela itoke, au nikomae?

---

Mzee_wa_Kipimo

Omba kwanza wakuoneshe jedwali lenyewe la mazao la kanda, mstari wa mkorosho, kwa macho yako. Ukiona bei ya mchanga niandikie hapa, tupige hesabu ya tofauti kwa miti 17 tuone kama inalipa nauli zako za mjini. Mimi ningesaini kupokea ile isiyo na ugomvi, na 17 nikaiacha wazi kwenye maandishi.

---

Kesi_Ngumu

Na tarehe ile ya Agosti usiisahau. Ikifika Machi hawajajibu kuhusu riba na hiyo 17, njoo ofisini na majirani, tuandike notisi moja ya wote.